Barua Mbili za Kumwita Mtu Kazini

Jioni moja ya mwezi wa Machi mpwa wangu alinijia nyumbani hapa Kinkondja, simu mkononi, uso umekunjamana. Alikuwa ametoka ziwani pamoja na baba yake, na nguo zake zilikuwa bado zinanuka samaki. Akanisalimu, akakaa, kisha akasema, "Mjomba, kampuni moja ya Kolwezi yaniuliza neno nisilolielewa. Naona nikijibu vibaya nitaipoteza kazi kabla sijaipata."

Kijana huyu ni fundi umeme. Alipata diploma yake katika shule ya ufundi, akafanya kazi miaka minne katika karakana moja ya Likasi, hata karakana ile ikafungwa, naye akarudi kwetu kando ya ziwa Kisale kutega nyavu. Alinijia mimi kwa kuwa nalifanya kazi miaka sita katika ofisi ya wakala wa kazi mjini Lubumbashi, kisha miaka tisa katika ofisi ya ajira ya kampuni ya madini. Nimekaa basi pande zote mbili za meza. Barua za wakala nimeandika, na barua za karani wa kampuni nimeandika vilevile, tena kwa mkono huu huu mmoja. Na leo nikizisoma barua zangu za zamani ungedhani zimeandikwa na watu wawili wasiojuana.

Nilimwomba anionyeshe yote aliyoandikiwa, tangu mwanzo. Ya kwanza ilikuwa imekuja majuma matatu nyuma, usiku, kwa Watsapu. Ilikuwa ya Kifaransa, nami naitia hapa kwa Kiswahili: "Habari, rafiki! Natumaini u mzima. Nimeona wasifu wako, ni mzuri sana. Nina nafasi nzuri ya fundi umeme kwa mteja wetu, kampuni kubwa ya madini, upande wa Kolwezi. Ni ya haraka. U tayari kuanza lini? Wataka mshahara gani? Nitumie wasifu mpya usiku huu huu." Chini yake palikuwa na jina la kwanza tu la mwandishi, na jina la ofisi ya wakala.

Ya pili ilikuwa imefika mchana ule, kwa barua pepe. "Bwana, tunakiri kupokea maombi yenu ya kazi ya fundi umeme wa matengenezo. Tumeona kwamba wasifu wenu uliletwa kwetu hapo awali na ofisi nyingine kwa kazi hii hii. Twaomba mtujulishe kwa maandishi, kabla ya siku ya Ijumaa saa kumi na moja ya jioni, kama mliipa ofisi hiyo ruhusa ya kuwaleta kwetu. Pokeeni salamu zetu za heshima." Hapo chini palikuwa na jina lote la karani, cheo chake, jina la kampuni na namba ya kazi.

Ninyi mliosoma Kifaransa mtatambua mara moja neno moja. Wakala alimwita kijana wangu "tu", kama mtu anavyomwita rafiki au mdogo wake. Karani wa kampuni alimwita "vous", kama anavyoitwa mgeni na mkubwa. Mpwa wangu alidhani ya kwamba yule wa kwanza ampenda na huyu wa pili amkasirikia. Sivyo hata kidogo. Tofauti ya sauti hizi mbili haitoki moyoni mwa mwandishi. Yatoka mahali anapolipwa fedha zake.

Wakala hulipwa na kampuni, si na mtafuta kazi. Iko njia mbili. Njia ya kwanza ni hii: kampuni yamwajiri mtu yenyewe, na kumlipa wakala mara moja kwa kumleta. Desturi ni kuhesabu ada hiyo katika mshahara wa mwaka wa kwanza. Tuseme fundi atapata dola 800 kwa mwezi. Kwa mwaka ni dola 9,600. Na kama mapatano ni 20 kwa mia, wakala atapokea dola 1,920. Lakini hazipati mpaka mtu aajiriwe. Akileta watu kumi wakakataliwa wote, hapati hata senti moja. Akileta mtu mzuri siku moja baada ya wakala mwenzake kuleta mtu huyo huyo, hapati kitu vilevile. Sasa waona kwa nini aandika usiku, na kwa nini kila kazi yake ni "ya haraka". Nilipokuwa wakala nalipata habari ya nafasi saa nne asubuhi, nami nikajua ya kwamba ofisi nyingine mbili za mjini zimeipata saa ile ile. Salamu ndefu ingenipotezea mtu.

Waona pia kwa nini jina la kampuni halitajwi. Kama angeandika, "Ni kampuni fulani," kijana angeweza kupeleka barua yake huko moja kwa moja, na wakala angekosa ada yake. Kulificha jina mwanzoni si udanganyifu. Ni kama mvuvi asiyesema alikotega nyavu zake. Lakini kuna mpaka, nami nitaueleza.

Njia ya pili, ambayo katika migodi ya Kolwezi ni ya kawaida sana, ni kwamba wakala mwenyewe abaki kuwa mwajiri. Fundi avaa kofia ya kampuni, aingia katika lango la kampuni, apewa amri na msimamizi wa kampuni, lakini mkataba wake umetiwa sahihi na wakala, na mshahara watoka kwa wakala. Tuseme kampuni yamlipa wakala dola 1,000 kwa mwezi kwa ajili ya fundi mmoja. Katika hizo hutoka michango ya serikali, bima, mavazi ya kazi na faida ya wakala, na yanayobaki ndiyo mshahara. Angalieni jinsi mambo yanavyogeuka: katika njia ya kwanza mshahara wako ukipanda, ada ya wakala yapanda nayo, naye atakutetea, katika njia ya pili kila dola unayoongezewa yatoka katika mfuko wake. Swali ni lile lile, "Wataka mshahara gani?", na sauti ni ile ile ya kirafiki, lakini maana yake si moja. Mpwa wangu alikuwa amejibu, "Wowote, mradi kazi." Nilifumba macho niliposoma.

Karani wa kampuni yenyewe hulipwa mshahara wake mwisho wa mwezi, uajiriwe wewe au mwingine. Hana haraka ya kukupata wewe; ana hofu ya kukosea. Mtu akiingia kwa mkono wake, na baada ya miezi miwili akaonekana hajui kazi, mkuu wa karakana atampigia simu yeye. Tena kila analoandika laweza kurudi mezani pake, pengine mbele ya mkaguzi wa kazi. Kwa hiyo haahidi kitu. Akiandika "nafasi nzuri", kesho utamwuliza uzuri wake uko wapi. Katika miaka yangu tisa nilifundishwa nisimwambie mtu yeyote kwamba wasifu wake ni mzuri, hata ukiwa mzuri. Niliandika "tumepokea". Watu wengi walikata tamaa kwa neno hilo, nami sikuweza kuwasaidia.

Ukimya nao una maana mbili. Wakala akinyamaza baada ya siku nne, mara nyingi jambo limekwisha: kampuni imekataa, au imepata mwingine, na wewe huna faida kwake mpaka nafasi nyingine itokee. Karani wa kampuni akinyamaza majuma matatu, pengine faili lako lipo tu juu ya meza ya mkubwa aliyesafiri. Nimeona barua za kuita watu kwenye mtihani zikilala mwezi mzima zikingoja sahihi moja.

Haya si mambo ya jana katika Katanga. Mwaka 1910 iliundwa Bourse du Travail du Katanga, yaani Soko la Kazi la Katanga, ambayo wajumbe wake walizunguka vijijini kuyatafutia makampuni wafanyakazi. Hapo yule aliyemtoa mtu kijijini hakuwa ndiye atakayeishi naye kambini. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière du Haut-Katanga, ambayo ilikuwa na wajumbe wake yenyewe, ilianza kupendelea mikataba ya miaka mitatu, na mtu kwenda pamoja na mke wake. Kampuni haikufanya hivyo kwa huruma. Ilikuwa imechoka kufundisha watu wapya kila mara. Lakini mazungumzo na mtu aliyetakiwa akae miaka mitatu hayawezi kuwa sawa na mazungumzo na mtu anayehesabiwa siku ya kufikishwa tu.

Narudi kwa mpwa wangu. Jambo lililompata lina historia fupi. Usiku ule wa kwanza alimtumia wakala wasifu wake katika muda wa robo saa, bila swali. Wakala akaupeleka kwa kampuni. Kisha kimya. Majuma mawili baadaye rafiki yake wa Bukama alimwonyesha tangazo la kazi la kampuni moja ya Kolwezi, naye akapeleka maombi yake mwenyewe, asijue kabisa kwamba kampuni hiyo ndiyo "mteja" wa wakala. Basi karani akafungua sanduku lake la barua, akakuta mtu mmoja ana mafaili mawili.

Msomaji atauliza, kuna ubaya gani? Ubaya ni huu. Katika mapatano ya kampuni na wakala kwa kawaida huandikwa kwamba mtu aliyeletwa na wakala ahesabiwe kuwa ameletwa naye kwa muda, pengine miezi sita, pengine mwaka. Kampuni ikimwajiri katika muda huo, hata kama mtu huyo alikuja mwenyewe, wakala aweza kudai ada yake. Karani mwenye watu thelathini wa kuchagua, akikuta mmoja mwenye mgogoro wa dola 1,920 mgongoni, mara nyingi hamwulizi neno. Amweka kando. Mtu huyo hataambiwa kamwe kwa nini hakuitwa, naye atasema kazi za Kolwezi hutolewa kwa ndugu tu. Mimi mwenyewe nimewaweka kando watu wa namna hiyo, wala sijivunii. Kwa hiyo nilimwambia kijana, "Karani huyu asiyekuita rafiki amekutendea wema mkubwa. Amekuuliza."

Tukakaa na taa kuandika majibu. Yeye alitaka kuandika kurasa mbili, aeleze habari za karakana iliyofungwa, ugonjwa wa mama yake, na jinsi alivyopenda kampuni ile tangu utoto. Nikafuta. Karani aliuliza jambo moja, nalo lahitaji jibu la ndiyo au siyo, pamoja na tarehe. Tuliandika hivi: "Bwana, kwa heshima najibu barua yenu yenye namba iliyo hapo juu. Tarehe hiyo nilimtumia wakala wasifu wangu kwa ombi lake. Hakunitajia jina la kampuni yenu, wala sikumpa ruhusa ya kuniwakilisha kwenu. Naambatanisha maneno yote tuliyoandikiana. Nabaki tayari kutoa maelezo mengine mtakayohitaji." Jina lote, namba ya simu, basi. Picha za maneno ya simu, diploma na cheti cha kazi cha Likasi tulivitia vyote katika hati moja, kwa maana karani akipokea vipande saba, kimoja hupotea.

Kijana aliuliza, "Mjomba, je, si kumsaliti yule wakala?" Ni swali la mtu mwema, nami nalifurahi kulisikia. Nikamjibu kwamba hatukusema ubaya wowote juu yake, tumeeleza lililotokea. Tena nilimwambia amwandikie wakala usiku ule ule, asije akasikia kwa wengine. Hiyo iliandikwa kwa namna nyingine kabisa: mistari mitatu, kwa Watsapu, bila salamu za heshima za kufungia barua. "Habari za jioni. Nimeambiwa wasifu wangu ulipelekwa kwa kampuni hii. Sikuwa nimejua jina lake, nami nilikuwa nimeomba mwenyewe. Tafadhali, safari nyingine nitajie jina la kampuni kabla hujanipeleka; nitakujibu siku ile ile."

Huo ndio mpaka niliosema nitaueleza. Wakala ana haki ya kuficha jina anapokuita. Hana haki ya kulificha anapokupeleka. Kabla hajaituma karatasi yako kwa mtu yeyote, mwulize mambo matatu: kampuni ni ipi, mkataba utatiwa sahihi na nani, na mshahara anaoutaja ni kabla ya makato au baada yake. Wakala wa kweli hujibu, maana naye aogopa faili mara mbili kama wewe. Likitokea, ada yake yaingia katika ugomvi. Asipojibu, usimpe. Na akikuomba fedha, hata kidogo, kwa ajili ya "kufungua faili" au "kipimo cha daktari", huyo si wakala, ni mwizi, kwa kuwa tumeona anayemlipa wakala ni nani. Siku hizi wezi huiga sauti zote mbili. Wale wanaojifanya makarani wa kampuni hupatikana kwa anwani ya barua pepe: karani wa kampuni kubwa huandika kutoka anwani yenye jina la kampuni yake, si ile ambayo kila mtu hujifungulia bure.

Jibu la wakala lilikuja upesi, kabla hatujazima taa. "Hakuna shida, rafiki! Tutaendelea kuwasiliana." Kijana akacheka. Jibu la kampuni lilikuja siku ya tisa, naye katika siku hizo tisa alikuwa akienda mara mbili kwa siku mahali mtandao unapopatikana vizuri, mpaka baba yake akalalamika kwamba nyavu zinamngoja. Aliitwa kwenye mtihani wa maandishi na wa mikono. Barua ilitaja siku, saa, lango la kuingilia, na karatasi sita za kuleta, nakala pamoja na asili. Tena ilisema wazi ya kwamba kampuni hailipi nauli, na kwamba atakayefaulu ataanza kwa muda wa majaribio wa miezi sita, ambao ndio mrefu kuliko wote unaoruhusiwa na Sheria ya Kazi ya mwaka 2002. Hakuna neno moja la kutia moyo katika ukurasa mzima. Lakini hesabuni ni mambo mangapi mtu aliweza kuyatayarisha kwa barua hiyo.

Akapanda mtumbwi wa mashine kwenda Bukama, karatasi zake zimefungwa katika plastiki ndani ya nyingine, maana mto Lualaba haujali diploma ya mtu. Kutoka Bukama akaenda Kolwezi kwa lori. Siku tano njiani, kwenda tu.

Hakuipata kazi. Alikuwa wa pili, na kampuni ilitaka mmoja. Karani alimwandikia mistari minne: cheo alichopata katika mtihani, shukrani, na kwamba jina lake litawekwa katika akiba kwa mwaka mmoja. Nilimwambia kijana aitunze barua hiyo, kwa kuwa karani wa namna hii haandiki "akiba" kwa mtu asiyemtaka. Hata hivyo nilimwona akiikunja taratibu sana, nami sikuongeza neno.

Yule wakala ndiye aliyemtafuta tena, mwezi wa Mei. "Habari, rafiki! Bado u tayari?" Kwa kweli nalikuwa nimemdhania mabaya kuliko alivyostahili. Safari hii mpwa wangu hakumtumia wasifu kwa robo saa. Aliuliza maswali yake matatu, naye akajibiwa yote kabla ya usiku wa manane: jina la mgodi, mkataba wa miezi sita utakaotiwa sahihi na ofisi ya wakala, si na mgodi, na mshahara baada ya makato. Kiasi kilikuwa kidogo kuliko kile cha kampuni ya kwanza. Alilala nalo usiku mmoja, akazungumza na baba yake asubuhi penye nyavu, akakubali, akijua anakubali nini na kwa nani.

Sasa yuko huko. Juma lililopita aliniandikia kwamba ameona tangazo jipya la kampuni ile ya kwanza, limebandikwa langoni kwao, na kwamba ataandika yeye mwenyewe kwa karani, akitaja namba ya barua ya akiba. Aliniuliza kama amwandikie kwa "vous". Nikamjibu ndiyo, na kwamba asisahau namba.